Kanga imetoka njano kwenye picha, na akili mnemba imesema haiwezi kuhariri: pa kuanzia

*"Nauza kanga mtandaoni. Napiga picha kwa simu jioni nyumbani, na kisutu chekundu kinaelekea rangi ya chungwa, nyeupe yake inakuwa kama siagi. Nilipakia picha kwenye programu ya akili mnemba nikaomba irekebishe rangi na kuikata mraba. Ikasema haiwezi kuhariri faili, ikanipa maelezo marefu nisiyoyaelewa. Nyingine ikanirudishia picha ya kupendeza, ila maandishi ya kanga hayasomeki tena. Nina laptopu ya zamani, sina hela ya kununua programu. Nianzie wapi?"*

Dada, ile programu iliyokuambia haiwezi ilikutendea haki kuliko ile ya pili. Programu nyingi za mazungumzo huisoma picha ili zikujibu kwa maneno, na faili lenyewe linabaki vilevile lilivyokuwa. Zipo zinazoweza kukata na kurekebisha kweli, na zipo zinazodai zimefanya na hazikufanya. Kipimo ni chepesi: kama hukupata faili jipya la kupakua na kulifungua mwenyewe, hakuna kilichofanyika, hata maelezo yawe mazuri namna gani.

Hiyo ya pili haikuirekebisha picha yako. Ilichora nyingine inayofanana nayo. Programu ya aina hiyo haihamishi herufi moja moja kutoka kwenye kanga yako. Inachora maumbo yanayofanana na herufi, ndiyo maana jina limegeuka mikwaruzo. Ukikagua pindo kwa makini, huenda ukakuta maua yamebadilika idadi au pembe moja haifanani na nyingine. Kwa picha ya mandhari hilo huenda lisiwe kitu. Kwa mfanyabiashara wa kanga ni hatari, kwa sababu mteja ananunua jina na pindo, na atakayoipokea siyo aliyoiona. Picha ya namna hiyo usiiweke dukani hata kama inavutia.

Unachohitaji ni programu inayobadilisha rangi za nukta zilizopo, yaani piseli, bila kubuni hata moja. Kwa laptopu ya zamani ningekupa GIMP. Ni ya bure, haina toleo la kulipia, ipo tangu 1996, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ipakue gimp.org na si kwenye tovuti nyingine, maana tovuti za pembeni hufungasha na vitu usivyovitaka. Majina ya menyu nitakayoyataja ni ya Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili uyapate bila kubahatisha.

Kwanza ujue kwa nini picha inakuwa njano, kwa sababu ukishalielewa hilo zile hatua hazitakuwa za kukariri. Mwanga una rangi. Balbu ya mwanga wa njano huandikwa kwenye boksi lake 2700 K au 3000 K; mchana wa kawaida ni kati ya 5500 K na 6500 K. Namba ikiwa ndogo, mwanga una nyekundu na njano nyingi na buluu kidogo. Jicho lako huzoea baada ya muda mfupi, ukaiona karatasi nyeupe kuwa nyeupe hata chini ya balbu hiyo. Kamera haina mazoea hayo. Inakisia rangi ya mwanga kwa kuangalia kilichomo kwenye fremu, na hapo ndipo kisutu kinapoichanganya: kitambaa chekundu kikijaza fremu nzima, simu haiwezi kujua kama wekundu ule ni wa nguo au wa taa. Mara inapunguza, mara inaacha, na picha mbili za kanga ileile zinatoka na rangi mbili.

Dawa yake ni kuipa picha kitu ambacho wewe unajua hakina rangi. Chukua karatasi nyeupe ya A4 isiyo na mistari, uiweke kando ya kanga, kwenye mwanga uleule, ukiitazamisha upande uleule. Karatasi hiyo ndiyo mizani yako. Tutaiondoa wakati wa kukata, na kwa sababu hiyo rangi hurekebishwa kabla ya kukata. Wengi huanza kwa kukata kwa kuwa ndiyo kazi rahisi, halafu wanabaki hawana pa kupimia.

Wakati wa kupiga, zima balbu na usogee karibu na mlango au dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja. Balbu na dirisha vikiwaka pamoja, upande mmoja wa kanga utakuwa njano na mwingine buluu, na hakuna marekebisho ya picha nzima yatakayoponya pande zote mbili. Ukiuponya huu, unauharibu ule. Ukiwa na shaka, weka karatasi mbili, moja kila upande. Baadaye utazipima, na kama namba zake zinaachana sana utajua mwanga ulikuwa wa aina mbili. Picha hiyo irudie, usipoteze saa nzima kuihangaikia.

Shika simu wima, hata kama kanga ni pana. Ushauri huu unaonekana kinyume, lakini unatokana na umbo la kanga yenyewe. Kanga ina upana wa karibu sentimita 150 na kimo cha karibu 110, na pindo limeizunguka pande zote nne. Ukilaza simu na kuijaza fremu kwa kanga, unapata picha ya piseli 4000 kwa 3000 ambayo kanga imeimeza yote. Ukija kuikata mraba, mraba mkubwa kabisa unaopatikana ni 3000 kwa 3000, na kwa hiyo lazima pindo la kulia, la kushoto au yote mawili yaende. Ukiisimamisha simu, picha ni 3000 kwa 4000. Kanga ikichukua piseli 2800 za upana, kimo chake kitakuwa kama 2050, na mraba wa 3000 kwa 3000 unaizunguka yote na nafasi inabaki. Karatasi iweke juu au chini ya kanga, mbali kidogo, ili itoke wakati wa kukata bila kugusa pindo.

Kuhamisha picha kwenda kwenye laptopu, tumia waya wa USB, au ujitumie kwa WhatsApp kama Document. Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa: inapungua ukubwa na rangi zinachakaa kabla hujaanza kazi. Kwenye laptopu zima pia ile hali ya usiku inayoifanya skrini kuwa ya manjano, Windows huiita Night light. Nimeona watu wanairekebisha picha hadi inakuwa buluu kumbe njano ilikuwa ya skrini.

Sasa fungua picha kwenye GIMP. Ikikuuliza kama uache au ubadili wasifu wa rangi, bonyeza Convert. Kisha bonyeza herufi O kupata kalamu ya kuchota rangi. Kwenye Tool Options weka alama kwenye Sample average na uweke Radius kama 10, ili isome wastani wa eneo badala ya nukta moja ambayo huenda ina chembe ya vumbi. Weka alama pia kwenye Use info window, kisha bofya katikati ya karatasi. Kidirisha kitafunguka, kwenye orodha yake chagua RGB (0..255).

Utaona namba tatu: R ni nyekundu, G ni kijani, B ni buluu. Kila nukta ya picha yako si kitu kingine ila namba hizo tatu, kuanzia 0 hadi 255. Zikiwa sawa au karibu sawa, nukta ni nyeupe, kijivu au nyeusi. Zikiachana, kuna rangi. Tuseme karatasi yako imesoma 230, 190, 130. Karatasi haina rangi, kwa hiyo tofauti hiyo yote imeletwa na taa. Bofya pia nyekundu ya kisutu na nyeupe yake, uziandike pembeni. Tuseme nyekundu ni 180, 34, 24 na nyeupe ya nguo ni 205, 165, 108. Unaona kwamba nyekundu ina buluu ndogo kuliko kijani. Upungufu huo wa buluu ndio unaoisukuma kuelekea chungwa.

Nenda Colors, kisha Levels. Katikati kuna mchoro wa vilima, na chini yake, kwenye mstari ulioandikwa All Channels, yaani chaneli zote tatu za R, G na B, kuna vidude vitatu vya kuchota: cha nyeusi, cha kijivu na cha nyeupe. Usichanganye na vile vilivyo karibu na visanduku vya namba, maana hivyo hugusa chaneli moja tu. Ukitua kishale juu ya kile cha nyeupe, utasoma Pick white point for all channels. Kibonyeze, halafu bofya karatasi.

Hapa naomba utulie kidogo, kwa sababu maelekezo mengi ya mtandaoni yatakuambia utumie kile cha kijivu, na kwa picha kama yako kitakuharibia kazi. Taa ya njano hufanya kazi kama kuzidisha: inapunguza buluu ya kila kitu kwa kiwango kilekile. Kidude cha nyeupe kinarudisha kwa kuzidisha vilevile. Kinachukua 255 kugawanya kwa 130, ambayo ni karibu 1.96, na kuizidisha buluu ya picha nzima kwa hiyo. Kijani kinazidishwa kwa karibu 1.34 na nyekundu kwa karibu 1.11. Kisutu chako cha 180, 34, 24 kinakuwa kama 200, 46, 47. Buluu na kijani zimelingana, nyekundu imesimama peke yake, na chungwa imeondoka. Nyeupe ya nguo inakuwa kama 227, 221, 212. Kidude cha kijivu hakizidishi; kinaupinda mstari wa kila chaneli katikati. Kikitumika kwenye karatasi yenye njano nyingi kinaivuta buluu ya sehemu za giza kupita kiasi, na kisutu kinatoka kimeegemea zambarau. Kazi yake ni pale ambapo unachokibofya ni kijivu kweli na njano yenyewe ni kidogo.

Ile 227, 221, 212 ya nguo usiihangaikie hadi iwe sawa. Pamba ya kanga si nyeupe kama karatasi ya ofisini. Karatasi nyingi huongezewa kemikali ya kuzing'arisha, nguo ikikaa kando yake lazima ionekane na rangi ya krimu kidogo, na mteja akiishika ataiona hivyohivyo. Ukiilazimisha nguo kuwa nyeupe kabisa umerudi kwenye kosa lilelile, umebadilisha upande tu.

Baada ya kubofya, picha nzima huwa na nuru zaidi, kwa sababu karatasi imepandishwa hadi nyeupe ya mwisho. Kama imezidi, shika pembetatu ya katikati chini ya vilima uisogeze mpaka namba yake, iliyoanza kwenye 1.00, isome kama 0.90. Angalia pindo jeusi: likiwa jeusi lenye kina bila kumeza michoro yake, acha hapo na ubonyeze OK. Kisha rudi na kalamu ya O uipime karatasi tena. Namba tatu zikiwa sawa, kazi ya rangi imekwisha, hata kama macho yako, baada ya kukaa nusu saa na picha ya njano, yanakuambia sasa imekuwa buluu. Nenda kanywe maji urudi uitazame upya.

Yapo mambo mawili yanayoweza kukukwamisha. La kwanza ni karatasi iliyoungua, yaani inayosoma 255, 255, 255 au yenye R iliyofika 255 wakati B iko chini. Simu ilipokea mwanga mwingi kuliko uwezo wake ikaandika namba ya juu kabisa, na kiasi halisi kimepotea. Ukibofya karatasi ya namna hiyo, ama hakuna kitakachobadilika ama kitabadilika kwa kipimo cha uongo. Unapopiga, gusa karatasi kwenye skrini ya simu ukishusha mwanga kidogo, ili isome kati ya 200 na 240. La pili ni buluu iliyokufa: kama B ya karatasi haifiki hata nusu ya R, tuseme 230 kwa 95, programu itaizidisha buluu mara mbili na zaidi, na pamoja nayo itazidisha chembechembe za giza zilizomo. Utaona mabaka na vipunje kwenye sehemu nyeusi. Hakuna programu ya kuliondoa hilo vizuri. Piga tena mchana.

Usishawishike na Colors, Auto, White Balance. Inaonekana ni njia ya mkato, lakini inachofanya ni kukata ncha za kila chaneli, sehemu ndogo ya asilimia 0.05 kila upande, kisha kuzivuta zote zijaze 0 hadi 255. Inachukulia kwamba sehemu angavu za picha hazina rangi. Picha ikiwa na nyeupe halisi na nyeusi halisi hujitahidi. Ikiwa ni kanga ya njano na kijani isiyo na nyeupe popote, itabuni buluu isiyokuwepo. Vivyo hivyo Saturation, yaani ukolezi wa rangi: ukiipandisha kisutu kinawaka, unapata oda, halafu mteja anaipokea kanga na kusema umemtumia nyingine.

Sasa kukata. Kama kanga imeinama, inyooshe kwanza. Bonyeza Shift na M, vuta mstari kutoka mwanzo wa ukingo wa chini wa pindo hadi mwisho wake, kisha kwenye Tool Options bonyeza Straighten. Pembe zitabaki na vipande vitupu, navyo vitatoka kwenye mkato. Kanga ikiwa pana chini na nyembamba juu, simu ilikuwa imelala nyuma ulipopiga. Kunyoosha hakutasaidia, ni bora upige tena simu ikiwa sambamba na nguo.

Bonyeza Shift na C. Kwenye Tool Options weka alama kwenye Fixed, chagua Aspect ratio, na kwenye kisanduku andika 1:1. Vuta kutoka pembe moja ya picha. Kiboksi kitabaki mraba haidhuru uvute vipi. Kisogeze mpaka pindo lote liwe ndani, nafasi ya kushoto ilingane na ya kulia, na karatasi iwe nje. Bonyeza Enter.

Kama tayari unazo picha za zamani zilizopigwa kwa kulaza simu na kanga imejaza upana wote, usiikate kanga. Ongeza turubai badala yake: Image, Canvas Size, fungua kile kipingili cha mnyororo kati ya Width na Height, andika 4000 kwenye zote mbili, bonyeza Center kisha Resize. Halafu Image, Flatten Image, na nafasi ya juu na chini itajazwa rangi ya nyuma, ambayo kwa kawaida ni nyeupe. Kanga nzima ndani ya mraba yenye ukanda mweupe juu na chini inauza kuliko kanga isiyo na pindo.

Baadaye Image, Scale Image, Width 1080, na Height itajifuata yenyewe. Kwa mfano wetu kanga itabaki na upana wa piseli kama 1008, maana yake kila sentimita ya nguo inapata karibu piseli 7. Herufi za jina zenye kimo cha sentimita 4 zinakuwa na piseli kama 27, zinasomeka vizuri kwenye simu. Herufi za sentimita 1 hazitasomeka, na hapo piga picha ya pili ya jina peke yake, usiikuze hii. Kukuza picha ndogo hakuongezi kitu, kunatanua tu piseli zilezile.

Kuhifadhi kuna mambo mawili tofauti na watu huyachanganya. Ctrl na S huhifadhi faili la XCF, ambalo ni la GIMP yenyewe na haliendi mtandaoni. Picha ya kuposti unaipata kwa File, Export As, ukiandika jina linaloishia na .jpg, na kwenye dirisha linalofuata uweke Quality 90. Lipe jina jipya, kwa mfano kisutu-mraba.jpg, ili picha ya asili ibaki kama ilivyo; kesho ukigundua umekosea utaihitaji.

Hata ukizipiga kanga kumi kwa mkupuo, karatasi iwemo kwenye kila picha. Simu hukisia upya rangi ya mwanga kila unapobonyeza, kwa hiyo kipimo cha kanga ya kwanza si lazima kiifae ya pili. Kama simu yako ina hali ya Pro inayokuruhusu kufunga WB, yaani White Balance, kwenye namba moja, ifunge hapo na uufunge mwanga pia. Hapo ndipo unapoweza kubonyeza alama ya kujumlisha juu ya dirisha la Levels, ukapa kipimo chako jina na kukitumia kwa picha zote za siku hiyo.

Laptopu ikigoma, Snapseed ya kwenye simu ni ya bure na ina White Balance yenye kidude cha kuchota pamoja na Crop ya mraba. Ichote karatasi ileile kwa mpangilio uleule, rangi kwanza na mkato baadaye. Inatosha kwa picha za kila siku. Inachokosa ni zile namba. Utategemea jicho kuhakikisha, nalo, kama nilivyosema, huzoea. Ipo pia Photopea inayofunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu, na Levels yake inafanana na hii, ila laptopu yenye kumbukumbu ndogo itaisikia uzito.

Kuna rangi zitakazokushinda hata ukifuata kila kitu. Zambarau na feruzi ndizo zinazosumbua zaidi, kwa sababu kamera haizisomi rangi fulani za nguo kama jicho linavyozisoma. Karatasi itakuwa nyeupe sawasawa na zambarau bado itaonekana buluu. Hapo fungua Colors, Hue-Saturation, chagua B kwenye duara la rangi, na usogeze Hue kidogo kidogo huku umeishika kanga yenyewe kando ya skrini, mchana, karibu na dirisha. Pointi 5 hadi 15 kwa kawaida zinatosha. Ikitaka zaidi ya hapo, andika tu kwenye maelezo ya bidhaa kwamba zambarau yake imekolea kuliko picha.

Na kama kuna oda inayotegemea rangi yenyewe, kwa mfano sare za harusi ambapo doti zako zinatakiwa zioane na nguo nyingine waliyokwisha kununua, usitegemee picha. Skrini ya mteja ina rangi zake, na kwenye simu nyingi zimekolezwa. Mtumie kipande cha nguo au doti moja ya mfano aione kwa macho. Kama unaandaa katalogi ya kuchapishwa, mtafute mpiga picha wa studio mwenye kadi ya rangi na umwambie wazi kwamba unataka rangi ya kweli kuliko picha ya kung'aa; na kabla ya kuchapa nakala zote, mwambie mchapaji atoe ukurasa mmoja wa majaribio, uende nao nje ukiwa na kanga mkononi.